Bahasha iliyorudi imefungwa: uchambuzi wa barua moja ya maombi ya kazi ya ununuzi

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinahusu barua moja ya maombi iliyoandikwa Pemba na mtu aliyeomba nafasi ya afisa ununuzi Unguja. Majina ya watu, ofisi na wauzaji yameondolewa, na aina ya bidhaa imebadilishwa. Hatua, saa na mpangilio wa maamuzi ndivyo vilivyoachwa, kwa kuwa humo ndimo yalimo mafunzo.

Usuli

Mwombaji alifanya kazi miaka 6 kama afisa ununuzi msaidizi katika ofisi ya mradi mmoja Chake Chake. Aliandaa nyaraka za zabuni, alipokea bahasha na kutunza daftari la kuzipokelea, alikuwa katibu wa kamati ya tathmini, na kabla ya mkataba kusainiwa yeye ndiye aliyekwenda kumhakiki muuzaji. Mradi ulipofungwa aliomba nafasi katika taasisi binafsi inayochimba visima na kujenga vyoo vya skuli.

Tangazo lilitaka barua isiyozidi kurasa 2 yenye mambo matatu: namna mwombaji anavyoendesha zabuni, namna anavyohakiki wauzaji, na tukio moja aliloshikilia uaminifu huku akishinikizwa. Chini yake palikuwa na sharti lililosomwa haraka na wengi: mwombaji asitaje wauzaji wala bei za mwajiri aliyepita.

Sharti hilo lenyewe ni mtihani. Afisa ununuzi hukaa na bei za watu kabla hazijatangazwa. Anayezitoa siri za mwajiri wa jana ili apate kazi leo, kamati ya ajira haina sababu ya kuamini kwamba za kesho atazifunga. Na Pemba sharti hili ni gumu kulitimiza kuliko linavyoonekana, maana kuna bidhaa ambazo wauzaji wake kisiwa kizima hawafiki watano. Ukifuta jina na kuacha sifa, umemtaja.

Rasimu ya kwanza

Rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa 3. Aya ya kwanza ilitaja kampuni nne ambazo mwombaji "alifanya nazo kazi kwa mafanikio", kana kwamba ukubwa wa kampuni hizo ungempa sifa yeye. Aya ya pili ilisema anaifahamu vyema Sheria ya Ununuzi wa Umma Namba 10 ya 2023 na mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma kwa mtandao. Maneno hayo yalitoka kwenye sampuli ya barua aliyopewa na rafiki wa Dar es Salaam. Sheria hiyo na mfumo huo ni vya Bara. Zanzibar ina sheria yake, Namba 11 ya 2016, ya ununuzi na uondoshaji wa mali za umma. Mwombaji aliyefanya kazi Pemba miaka 6 kisha akataja sheria ya Bara peke yake anamfanya msomaji ajiulize kama zabuni hizo alizisimamia kweli.

Mwishoni aliorodhesha viambatisho, na miongoni mwake nakala ya taarifa ya tathmini ya zabuni moja "kama ushahidi". Kilichobaki kilikuwa aya ya uaminifu, iliyoanza hivi: "Bosi wangu alinilazimisha kupokea zabuni iliyochelewa lakini nilikataa katakata, ingawa bei yake ilikuwa nafuu kwa asilimia 9."

Aliipeleka kwa mkuu wa ununuzi mstaafu, mtu aliyesomesha wengi kazi hii na ambaye mjini wanamwita Maalim. Maalim alisoma mara mbili, akaweka kidole kwenye sentensi hiyo ya mwisho.

"Bahasha unasema uliirudisha imefungwa."

"Ndiyo, Maalim. Haikufunguliwa kabisa."

"Basi hiyo asilimia 9 umeijuaje, mwanangu?"

Mwombaji alikaa kimya kidogo, kisha akasema kweli: mzabuni mwenyewe alimpigia simu siku tatu baadaye, akalalamika na kumtajia bei yake.

"Siku tatu baadaye tathmini ilikuwa imekwisha?"

"Bado, Maalim."

"Simu hiyo uliiandika popote?"

Hakuiandika. Bei aliyotajiwa hakuifikisha kwa kamati, na zabuni ilitolewa kwa haki, lakini alikuwa amezungumza na mzabuni katikati ya tathmini bila kuacha alama kwenye faili. Sentensi aliyoiandika ajisifu ilikuwa imebeba kosa lake, na mtu yeyote aliyewahi kusimamia ufunguzi wa zabuni angeliona.

Maamuzi ya kuandika upya

Uamuzi wa kwanza ulihusu asilimia 9. Ilifutwa, kwa sababu ni bei ya mtu ambayo haikupaswa kujulikana, na kwa sababu haithibitishi kitu: bei ya kwenye simu si zabuni. Lakini Maalim hakumruhusu aifiche simu yenyewe. Barua ina nafasi ndogo na si lazima ieleze kila kitu, ila kwenye usaili akiulizwa kama mzabuni aliwahi kumpigia, ajibu ndiyo na aseme hakuiandika. Walikubaliana hivyo kabla hata ya kugusa aya nyingine.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoa kiambatisho. Taarifa ya tathmini ni mali ya ofisi iliyoitoa. Ina bei za wazabuni wote, alama walizopewa na sababu za walioshindwa. Kuwa nayo nyumbani baada ya kuacha kazi ni tatizo tayari, sembuse kuituma kwa watu wengine. Badala yake waliandika kwamba msimamizi wa zamani yuko tayari kuthibitisha majukumu na mwenendo wa mwombaji, na mwombaji alimpigia kwanza kuomba ridhaa. Nakala aliirudisha ofisini.

Uamuzi wa tatu ulichukua muda mrefu zaidi: kulieleza upya tukio la bahasha. Lilivyotokea ni hivi. Mwisho wa kupokea zabuni ulikuwa saa 4:00 asubuhi na ufunguzi saa 4:15, chumba hicho hicho, mbele ya wazabuni waliotaka kuhudhuria. Mzabuni mmoja alimtuma mtu kwa boti kutoka Unguja. Bahari ilichafuka, boti ikachelewa kufunga Mkoani, na mjumbe akafika Chake saa 4:22. Wakati huo bahasha mbili zilikuwa zimeshafunguliwa na bei zake kusomwa kwa sauti. Simu ikaja kutoka juu: ipokewe tu, kwani bahari si kosa la mtu.

Rasimu ya kwanza ilisema "nilikataa katakata". Maneno hayo yanaeleza hasira, hayaelezi kazi. Msomaji anayejua ununuzi anataka kujua bahasha ilifanywa nini. Mwombaji aliandika kwenye daftari saa ya kufika, akaandika kwamba imechelewa na haikufunguliwa, akasaini, na mjumbe naye akasaini. Waliokuwapo wawili walishuhudia. Bahasha ilirudishwa siku hiyo hiyo pamoja na barua fupi, kwa anwani iliyokuwa nje ya bahasha. (Hii ndiyo maana nyaraka za zabuni hutaka anwani ya mzabuni iandikwe kwenye bahasha ya nje: irudi bila kuhitaji kufunguliwa kujua ni ya nani.) Kabla ya kutoka kazini aliandika dokezo la nusu ukurasa kwa mkubwa wake likieleza alichofanya na kwa nini.

Hiyo "kwa nini" ndiyo iliyokosekana kabisa kwenye rasimu ya kwanza. Shida haikuwa dakika 22. Shida ilikuwa kwamba bei mbili zilishasomwa hadharani, na mjumbe mwenye simu mfukoni, hata awe mwaminifu kiasi gani, hawezi tena kuthibitisha kwamba bei iliyomo bahashani iliandikwa kabla ya hapo. Kuipokea kungewapa wazabuni wawili wa mwanzo hoja ya kuipinga zabuni nzima. Sababu hii inamtetea hata mkubwa aliyepiga simu, kwani inaonyesha kwamba aliyekataa alikuwa akiilinda ofisi na hakuwa akishindana naye.

Halafu kuna kilichofuata. Kama ingejulikana kabla ya saa 4:00 kwamba boti imechelewa, njia halali ilikuwapo: kuongeza muda kwa tangazo la maandishi kwa wazabuni wote, kabla muda wa mwanzo haujaisha. Muda ukishapita, mlango huo umefungwa. Kwa hiyo zabuni iliyofuata mwombaji alipendekeza mwisho uwe saa 8:00 mchana, ili anayetoka Unguja asubuhi asiwe anashindana na bahari. Pendekezo lilikubaliwa. Maalim alisisitiza lisikosekane barua hii ikienda, maana kurudisha bahasha kunamwonyesha mtu anayefuata kanuni, na kubadilisha saa kunamwonyesha anayejua kanuni ile inamuumiza nani.

Na neno "bosi" liliondoka. Pemba ofisi za miradi zinahesabika, na "bosi" wa ofisi ya mradi uliofungwa mwaka fulani ni mtu mmoja anayejulikana. Sentensi ikawa: "niliombwa niipokee". Shinikizo linabaki wazi, mtu hatajwi.

Kuhakiki muuzaji

Kwa sehemu hii mwombaji alikuwa na visa vingi na alitaka kuviweka vyote. Walichagua kimoja: ombi la bei la matangi 12 ya maji ya lita 5,000. Kotesheni tatu zilirudi. Mbili kati yake, za kampuni mbili tofauti, ziliandika "litta 5,000", na zote mbili zilikosea kujumlisha mahali pamoja, kwenye gharama ya usafiri.

Hatua ya kwanza aliyochukua ndiyo bora kuliko zote, na alikuwa ameisahau kwenye rasimu. Alirudi kwenye fomu ya ofisi yake kuangalia kama "litta" ilianzia huko. Wauzaji hunakili maneno ya fomu ya mnunuzi, na kosa la ofisi linaweza kurudi kwenye kotesheni zote tatu bila hila ya mtu. Fomu ilikuwa sahihi. Hapo ndipo alipokuwa na sababu ya kuendelea.

Aliangalia usajili wa kampuni hizo kwa wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar, BPRA. Muuzaji wa Bara angetafutwa BRELA, na kuchanganya wawili hawa humfanya mtu aseme kampuni "haipo" wakati ipo kwenye daftari jingine. Kwa kodi aliuliza pande mbili, kwani mfanyabiashara wa Zanzibar huwa na namba ya mlipakodi kutoka TRA na pia huhusika na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyokuwa ZRB hadi 2022. Nyaraka zote zilikuwa halali. Lakini kwenye usajili, mkurugenzi mmoja alionekana katika kampuni zote mbili.

Kisha akaenda kwa miguu. Anwani ya ghala ya kampuni moja ilikuwa kwenye shehia aliyoifahamu. Alipofika hakukuta ghala bali duka la ushoni lililofungwa, na majirani walisema hapajawahi kuwa na matangi. Alipiga picha ya nje, akaandika tarehe na saa, na hakumhoji mtu zaidi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuthibitisha anwani tu.

Kotesheni mbili ziliondolewa, na kwa kuwa ilibaki moja, ofisi iliomba bei upya kwa wauzaji wapya wawili. Ununuzi ulichelewa siku 11. Hilo nalo waliliandika, maana uhakiki una gharama na anayeieleza bila kuulizwa anaaminika.

Namna majina yalivyoondolewa

Maalim alimpa kipimo kimoja: kwa kila tukio tazama bidhaa, mahali, mwaka na kiasi cha fedha. Katika soko dogo, viwili kati ya hivyo kwa kawaida havimtaji mtu. Vitatu, mwenye duka mtaa wa pili ameshajua. Kwa hiyo matangi yakawa "vifaa vya kuhifadhia maji", mwaka ukaondoka, fedha zikaondoka, ikabaki Pemba, ambayo isingeweza kufichwa. Mahali pa bei zikawekwa hesabu ambazo si siri ya muuzaji yeyote: zabuni ngapi, kotesheni ngapi, siku ngapi.

Kampuni nne za aya ya kwanza zilitoka zote, hata zilizofanya kazi nzuri. Mwombaji aliuliza kama kumsifu muuzaji nako ni kosa. Ni kosa, kwa sababu taasisi anayoiomba kazi nayo itanunua Pemba, na afisa anayeingia na orodha ya wauzaji anaowasifu ameshawapa mwanzo mwema kabla zabuni haijatangazwa.

Barua ilivyosomeka

Hii ndiyo sehemu ya kati ya barua iliyotumwa:

"Kwa miaka 6 nimekuwa afisa ununuzi msaidizi katika ofisi ya mradi Pemba. Kwa mwaka nilishughulikia zabuni za wazi 8 hivi na maombi ya bei yasiyopungua 90, kuanzia kuandaa nyaraka hadi kuhakiki mzigo ulipopokelewa. Kwa kuheshimu siri za mwajiri wangu na za wazabuni, sitaji jina wala bei. Naeleza hatua nilizochukua.

"Katika zabuni moja, bahasha ilifika dakika 22 baada ya muda, wakati bei mbili zimeshasomwa. Niliombwa niipokee kwa kuwa usafiri wa baharini ulichelewa. Niliandika saa ya kufika kwenye daftari, mjumbe akasaini nami, na bahasha ikarudishwa siku hiyo bila kufunguliwa. Nilieleza kwa dokezo kwamba bei zikishasomwa hatuwezi kuthibitisha bahasha inayofuata iliandikwa lini, na wazabuni waliofika mapema wangekuwa na haki ya kupinga. Zabuni iliyofuata nilipendekeza muda wa mwisho uwe saa 8:00 mchana ili wazabuni wa Unguja waweze kufika, na ofisi ilikubali.

"Katika ombi la bei la vifaa vya kuhifadhia maji, kotesheni mbili za kampuni tofauti zilikuwa na kosa moja la tahajia na kosa moja la hesabu. Nilikagua kwanza fomu yetu nione kama kosa lilianzia kwetu. Halikuanzia. Nilihakiki usajili na kodi, nikakuta mkurugenzi mmoja katika kampuni zote mbili, na nilipotembelea anwani ya ghala nilikuta duka la ushoni lililofungwa. Kamati iliziondoa kotesheni zote mbili na tukaomba bei upya. Ununuzi ulichelewa siku 11."

Barua yote ilikaa ukurasa mmoja na nusu. Ilitaja Sheria Namba 11 ya 2016 mara moja tu, mahali palipohusu kazi.

Usaili na matokeo

Mwombaji aliitwa. Kamati ilikuwa ya watu wanne, na mjumbe wa ununuzi alianza na bahasha. Aliuliza nani alishuhudia, anwani ilitoka wapi, na kama mzabuni huyo aliwasiliana naye baadaye. Mwombaji alijibu kwamba alipigiwa simu siku tatu baadaye, akatajiwa bei, hakuifikisha kwa kamati, wala hakuiandika simu ile, na kwamba alipaswa kuiandika na kumwarifu mwenyekiti wa tathmini siku ile ile. Mjumbe alinukuu jibu hilo karibu neno kwa neno kwenye karatasi yake ya alama.

Kisha likaja ambalo hawakulitarajia. Mjumbe mwingine, mwenyeji wa Wete, alitabasamu akasema, "Hilo duka la ushoni nalijua. Si fulani huyo?" Akataja jina.

Mwombaji alijibu: "Samahani sana, Bwana. La ofisi ile siwezi kulikubali wala kulikataa."

Mjumbe alirudia mara ya pili, kwa upole, kwamba wako ndani ya chumba na hakuna atakayejua. Jibu halikubadilika. Msimamizi wa zamani alipopigiwa wiki iliyofuata alithibitisha daftari, dokezo na mabadiliko ya saa. Mwombaji aliajiriwa kwa muda wa majaribio wa miezi 6. Alama zake za usiri, hata hivyo, zilikuwa za chini kuliko za zabuni na za uhakiki, na ofisi ya rasilimali watu ilimweleza sababu: barua yake ilimtambulisha muuzaji.

Uchambuzi: kilichofaa

Aya ya bahasha ilibeba barua nzima, na iliibeba kwa sababu kila sentensi yake inaweza kukaguliwa. Daftari lipo au halipo. Aliyeileta bahasha alisaini au hakusaini. Anayesoma "mimi ni mwaminifu na mchapakazi" hana cha kumuuliza msimamizi wa zamani, lakini anayesoma "bahasha ilirudishwa siku hiyo bila kufunguliwa" ana swali la kupiga simu.

Kufuta asilimia 9 kuliokoa zaidi ya aya moja. Ingebaki, swali la Maalim lingeulizwa na kamati, na jibu la simu lingetoka kama siri iliyofichuliwa. Kwa kuwa lilikuwa limeshazungumzwa nyumbani, lilitoka kama taarifa. Waombaji wengi hujiandaa kueleza walivyoshinda na hawajiandai kueleza walipoteleza ndani ya ushindi huo huo. Kazi ya ununuzi ina faili, na faili huzungumza hata mwenyewe akinyamaza.

Kuiangalia fomu ya ofisi kwanza nako kulionekana. Ni hatua ya dakika mbili, lakini inamtofautisha anayetafuta ukweli na anayetafuta mkosaji. Mjumbe wa ununuzi alisema wazi kwamba hapo ndipo alipoamini kwamba mwombaji ameifanya kazi hii kwa mikono yake.

Uchambuzi: kilichokwama

Duka la ushoni lilipita kwenye kipimo cha Maalim, na hilo ni kosa la kipimo, si la mwombaji peke yake. Bidhaa ilifichwa, mwaka na fedha viliondolewa, lakini duka lililofungwa ni alama ya njia. Watu wa Pemba huelekezana kwa alama kama hizo: mbele ya mnazi, nyuma ya msikiti, pale kwenye fundi cherehani. Sentensi iliyofanya aya ionekane hai ndiyo iliyomwelekeza mjumbe wa Wete hadi mlangoni. Kwa hiyo kipimo kinahitaji kitu cha tano: chochote ambacho mtu angekitumia kumwelekeza mgeni.

Njia rahisi ya kulikamata kosa hili ni kumpa barua mtu wa kisiwani asiyehusika na ununuzi, mwenye duka au dereva wa gari la abiria, na kumuuliza kama amemjua yeyote. Maalim na mwombaji wote walikuwa ndani ya kazi. Walikuwa wakitazama nyaraka, na mjumbe wa Wete alitazama mtaa.

Pia uzito wa kosa hili haukulingana na uzito wa jambo. Muuzaji yule hakushtakiwa popote. Mkurugenzi mmoja katika kampuni mbili si kosa kwa yenyewe. Kosa ni kampuni hizo kushindana katika ombi moja kana kwamba hazijuani, na hata hilo lilikuwa limeishia kwenye uamuzi wa kamati ya ofisi. Kumfanya atambulike kwenye barua ya kazi ni kumhukumu mbele ya mnunuzi mwingine ambaye hajamwona.

Sentensi iliyopaswa kuandikwa ilikuwa fupi kuliko ile iliyotumwa: "nilipotembelea anwani ya ghala sikukuta bidhaa yoyote, nikaandika taarifa ya ukaguzi yenye tarehe na saa." Ina ziara, ina matokeo, ina karatasi ya kuuliziwa, na haina mlango wa mtu.